Karatasi za Mitaboni

Studio ya Rehana ilikuwa ndani, ndani kabisa. Ukitoka barabarani hapo nyuma ya soko la Machakos unaingia koridoo ndefu yenye giza, unapita fundi wa saa, unapita choo ambacho ufunguo wake kila mtu anasema uko kwa mwingine, halafu ndio unaona pazia la buluu na Rehana mwenyewe, kamera mkononi, anakuambia ufute jasho kwanza. Huko nje kwa barabara alikuwa na kibao tu: PICHA ZA PASIPOTI, DAKIKA TANO, na mshale mkubwa mwekundu.

Chini ya huo mshale ndio alikaa Nthenya.

Nthenya alikuwa na kibanda cha simu ya jamii, ile simu ya mezani ya kupiga kwa dakika, na kadi za kredo ya simu zimening'inia kwa kamba kama nguo za mtoto. Hakuna mtu aliingia koridoo bila kumpita. Na usifikirie alikuwa jirani wa biashara tu. Wee! Rehana alipojifungua Layla kwa upasuaji, nani alifua nepi? Nthenya. Na jikoni kwa Nthenya, nyumba ya Wakristo kabisa, kulikuwa na sufuria moja imefungwa uzi mwekundu kwa mkono. Ukijaribu kuitia nyama ambayo haijachinjwa na Mwislamu, utasikia kelele: "Weka chini! Hiyo ni ya Rehana!" Kila Krismasi Zubair, bwana ya Rehana, alienda kule asubuhi na kisu chake kuchinja kuku, ndio watu wote wakule pamoja.

Sasa sikiza. Mwaka ni elfu mbili na sita, kamera za digitali zimeshika mji, na Rehana amejinyima mpaka amepata pesa ya kufungua studio ya pili. Moja. Akikosea mahali, hiyo pesa imeenda, na kuipata tena si leo si kesho. Kwa hivyo alikuwa na swali moja tu, asubuhi mpaka jioni: afungue wapi? Karibu na hospitali hapa mjini, ama nje ya mji, Wamunyu au Mitaboni?

"Tupa shilingi juu," Zubair alimwambia.

"Shilingi iko na pande mbili, mimi niko na mahali tatu."

"Basi tupa mara mbili."

Rehana hakutupa shilingi. Alikuwa anakata picha za pasipoti na mkasi siku hiyo, na wazo likamjia hivi hivi. Akaenda kwa mtu wa kuchapisha, akatengeneza karatasi ndogo za manjano: LETA KARATASI HII, PICHA NNE, PUNGUZO LA SHILINGI ISHIRINI. Zote rangi moja, maneno yale yale, punguzo lile lile. Tofauti ilikuwa kwa kona ya chini tu, namba ndogo hata usingeiona. H7 ni za lango la hospitali. W7 ni za Wamunyu. M7 ni za Mitaboni. Mia tatu kila mahali, na zote zigawanywe mwezi huo huo. Mteja akileta karatasi anapunguziwa, karatasi inabaki kwa Rehana, na kona inamwambia huyu ametokea wapi. Mahali penye karatasi nyingi zimerudi, hapo ndio watu wanataka picha. Hapo ndio anafungua.

Za hospitali alimpa muuza magazeti wa pale langoni. Za Wamunyu akampa mchongaji mmoja ambaye alizoea kuleta vinyago vyake vipigwe picha. Wote wawili aliwaambia hiyo namba ni ya mashine ya kuchapisha tu. Hakutaka mtu ajue, maana mtu akijua anapimwa anaanza kujipendekeza.

Mtu mmoja tu ndiye Rehana alimwambia ukweli.

"Aiya, Rehana!" Nthenya alishika mdomo akacheka mpaka kadi zikatikisika. "Kumbe wewe ni polisi! Na za Mitaboni nani anapeleka?"

"Si ndio nakuja kwako."

"Leta hapa. Mimi si niko huko kwa mama mkwe kila wikendi? Nitasimama sokoni mpaka wanichoke."

"Usipeane kwa familia yenu tu, tafadhali. Watu wa kawaida."

"We nenda ukapige picha, mama. Mimi najua watu."

Rehana aliweka mikebe mitatu kwa meza, ya mafuta ya kupikia, kila mmoja na herufi yake. Wiki ya kwanza, H ikaingia nne, W ikaingia moja. M? Kumi na nane! Rehana alidhani ameona vibaya. Wiki ya pili M ikapanda zaidi. Wazee, wasichana wa shule, akina mama na watoto mgongoni, wote wanachomoa karatasi ya manjano na kona ni M7. Kufika mwisho wa mwezi, H ilikuwa na kumi na tisa, W tano, na mkebe wa M ulikuwa umejaa mpaka kifuniko hakifungi. Sabini na kitu!

Kila siku jioni Rehana akifunga alisimama kwa kibanda.

"Mitaboni mnapenda picha hivi?"

"Nilikuambia nini? Watu wetu wanajipenda."

"Na huko nitapata wapi chumba?"

Nthenya akaangalia upande mwingine, akapanga kadi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Kisilu si ameweka zile nyumba zake kando ya barabara. Milango minne. Lakini sitaki useme nimekusukuma."

Kisilu ni bwana ya Nthenya. Rehana alicheka kwa furaha, hata akamkumbatia mwenzake hapo barabarani. Angalia vile Mungu anapanga! Mahali karatasi zimemwonyesha ni nyumbani kwa rafiki, na mwenye nyumba ni shemeji. Akampigia Kisilu siku hiyo hiyo: mlango wa katikati umwekee, baada ya wiki mbili, Jumamosi, atakuja na pesa ya kushikia chumba.

Aliyeharibu ni Zubair. Zubair anauza spea za pikipiki, na mtu wa spea hawezi kuona kitu bila kuuliza imetumia nini. Walikuwa wanakula, Layla ameketi katikati anachezea ugali.

"Kabla ya hizi karatasi," Zubair akasema, "ulikuwa unamaliza boksi ngapi za karatasi ya picha kwa mwezi?"

"Tatu."

"Na mwezi huu?"

Rehana akafikiria. "Tatu."

"Tatu?"

"Si nimesema."

"Sasa hawa watu sabini wapya kutoka Mitaboni ulitolea wapi karatasi ya kuwapiga? Kwa hewa?"

Rehana akaacha tonge. "Labda watu wa mjini wamepungua."

"Wapungue sawa sawa na vile wa Mitaboni wameongezeka? Hata kwa chembe?"

"Wewe Zubair tangu zamani hutaki Mitaboni! Ni juu ya ile barabara iliharibu pikipiki yako."

"Sikukataa. Nimeuliza boksi."

Rehana alikasirika usiku huo akatoa vyombo kwa kelele. Lakini hilo swali lilikuwa limeingia mahali, na halikutoka. Watu wakiongezeka, lazima karatasi ya picha iishe haraka. Haikuisha haraka. Kwa hivyo watu hawakuongezeka. Lakini mkebe umejaa. Alizunguka hapo hapo mpaka asubuhi.

Akaamua kupima tena, pole pole, bila kuambia mtu. Hata Nthenya. Na kwa vile hajawahi kumficha Nthenya kitu, alijiona kama ndiye mbaya. Alichapisha karatasi zingine mia moja, sawa sawa na zile, isipokuwa kona: M8. Akampatia Munyiva, mama muuza nyanya ambaye hutoka Mitaboni kila wakati na vikapu vyake, agawe huko siku ya soko. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kama ni Mitaboni yenyewe inaleta watu, basi haijalishi mkono gani umegawa. M8 itarudi kama vile M7 ilirudi.

Siku mbili za soko zikapita. M8 zilirudi mbili.

Mbili! Na M7 bado zinaingia kila siku. Rehana alifurahi kidogo, hata usishangae: akasema basi, ni Munyiva. Ameuza nyanya zake, karatasi amefungia sukari. Alipomwona sokoni Machakos akamwendea moja kwa moja.

"Mama Munyiva, niambie tu, sitakasirika. Zile karatasi ulitupa?"

"Nitupe kitu ya mtu?" Munyiva aliinua kichwa kutoka kwa nyanya. "Nilisimama kwa lango ya soko mpaka sauti ikaisha! Nimepeana moja moja, kwa mkono. Wewe unaniona mimi nani?"

"Pole, mwaitu, mama yangu. Ni vile hawajakuja."

"Watakujaje? Kila mtu alikuwa ananiuliza hii ni ya nini. Wengine walidhani ni ya kanisa mpya."

"Lakini si walikuwa wameshaziona? Zilipita mwezi huo mwingine, mia tatu."

"Wapi?"

"Hapo sokoni kwenu."

Munyiva alimwangalia vile mtu anaangalia mtoto amepotea. "Msichana wangu, hapo sokoni hakuna mtu amewahi kuona hiyo karatasi mbele yangu. Hata mmoja. Mimi huko niko kila siku ya soko, kwani ningekuwa nimelala?"

Rehana alirudi studio bila kununua hata kitunguu. Mteja alikuwa anangoja, kijana amemaliza shule juzi, anataka picha za kitambulisho. Akatoa karatasi ya manjano. M7. Na angalia hii: haikuwa imekunjwa hata mara moja. Safi, imenyooka, kama imetoka kwa mashine saa hiyo. Mwezi mzima Rehana alikuwa anapokea karatasi kama hizo, anaangalia kona tu, anatia mkebeni. Hajawahi kuuliza mtu. Angeuliza ya nini, na namba iko pale?

"Mitaboni kumenyesha?" akauliza.

"Mitaboni?" Kijana akacheka. "Mimi ni wa Katoloni, madam. Nimekuja na miguu."

"Na hii karatasi umetoa wapi?"

"Si hapo nje. Kwa yule mama wa simu. Nimefuata mshale, akaniuliza, 'Unaenda kwa picha?' Nikasema ndio. Akanipatia, ati nipunguziwe." Akarekebisha kola yake. "Nyinyi mko na roho safi sana."

Rehana akampiga picha. Kichwa kikakatwa. Akarudia.

Mteja aliyefuata alikuwa mama wa Mumbuni, hapa hapa mjini. Karatasi ya manjano, kona ile ile, jibu lile lile: hapo nje, kwa mama wa simu. Alipotoka, Rehana akafunga pazia akatembea koridoo pole pole, mkono kwa ukuta. Akafika kwa Nzomo, fundi wa saa, akasimama ndani ya mlango wake mahali mtu wa barabarani hawezi kumwona.

"Nzomo, hizo karatasi za manjano. Umeona nani anagawa?"

Nzomo hakutoa jicho kwa lenzi. "Si rafiki yako. Amekuwa akigawa tangu zimetoka. Mimi nilidhani mmekubaliana."

Hata Nzomo! Koridoo nzima inajua, isipokuwa yeye aliye mwisho wake.

Akachungulia. Mama mmoja na mtoto amesimama chini ya kibao, anasoma, anafuata mshale na macho, anaingia. Na Nthenya, bila haraka, bila wasiwasi, mkono ukaenda chini ya simu ukatoka na karatasi ya manjano.

"Unaenda kwa picha, mama? Chukua hii, utapunguziwa."

"Nthenya," Rehana akasema.

Nthenya akageuka. Uso wake ulijaribu kucheka ukashindwa katikati. "Rehana! Nilikuwa nakuja kwako, Kisilu amesema amepaka rangi—"

"Nipe hizo."

"Ni zilibaki tu. Kidogo."

"Ulipeleka Mitaboni hata siku moja?"

Mtu mmoja alikuja anataka kredo ya hamsini, akaona hao wawili wanavyoangaliana, akaenda kununua kwingine.

"Si watu wamekuja?" Nthenya akasema mwishowe. "Si umeuza? Mkebe si umejaa? Sasa unalia nini?"

"Walikuwa wanakuja!" Sauti ya Rehana ilipanda mpaka watu wa ng'ambo wakageuka. "Walikuwa wameona kibao, wameshaingia! Wewe umewapa punguzo ya kuingia mlango walikuwa wameshashika! Sikuchapisha hizi karatasi niuze picha, Nthenya. Nilichapisha nijue. Na wewe ulijua nataka kujua nini."

"Mimi ni wa Mitaboni! Nakuambia biashara iko! Watu wetu hawabebi karatasi kuja mji, wanaona duka wanaingia. Karatasi zako ndio zingekudanganya. Mimi nilikuwa nakusaidia."

"Basi ungeniambia hivyo."

"Ungesikia? Wewe na mikebe yako?"

"Ningesikia wewe kuliko mikebe!"

Hapo ndio Nthenya alikaa. Akaanza kukunjakunja zile karatasi. "Kisilu alichukua mkopo wa hizo nyumba," akasema pole pole. "Milango minne, na tangu Krismasi hakuna mtu ameuliza hata bei. Hatulali. Anaamka anakaa kwa kitanda. Nilijua ukiingia moja, wengine watafuata, hivyo ndio watu walivyo. Uliponiambia unatafuta mahali, nilisema Mungu amenikumbuka."

"Si Mungu. Ni mimi nilikuambia."

"Rehana..."

"Yule wa magazeti sikumwambia. Wa Wamunyu sikumwambia. Hawa ni watu hata majina yao nasahau, na wamenipa ukweli. Nilitafuta kwa mji mzima mtu mmoja wa kumwambia siri, nikakuambia wewe, na ni hiyo siri yenyewe umechukua ukanipiga nayo." Alifuta macho na ncha ya mtandio. "Hivi nilikuwa nikupe kila kitu, Jumamosi hii. Ungeniangalia nikitoa?"

Nthenya akakunja karatasi nyingine.

"Ungeniangalia?"

"Ningekusaidia kufagia," Nthenya akasema, na akaanza kulia.

Rehana akatoa sarafu kwa mfuko, akaweka kwa meza ya kibanda. "Nipigie Kisilu."

"Rehana, si hivyo."

"Nipigie. Hapa si kwa simu ya watu wote?"

Vidole vya Nthenya vilikosea mara mbili. Simu ikashika. Rehana alichukua mkono wa simu, akasalimia vizuri, akauliza watoto, akauliza mama mzee, yote vile inafaa. Halafu: "Ule mlango wa katikati, shemeji, patia mtu mwingine. Hapana. Hapana, muulize mwenyewe akikuja nyumbani." Akaweka chini.

"Chukua pesa yako," Nthenya akasema, akisukuma sarafu.

"Wacha. Mimi ni mteja."

Akarudi koridoo. Yule mama na mtoto alikuwa amekaa kwa benchi anamngoja, karatasi ya manjano kwa goti. Rehana akampunguzia. Si makosa yake.

Wiki iliyofuata alimwaga mkebe wa M wote kwa taka, na akaangalia ile mikebe miwili mingine kama mtu anaangalia watoto wake asubuhi ya kwanza. Hakuiamini hivi hivi tu. Kila aliyeendelea kuleta H7 aliulizwa: umeipata wapi, nani alikupa, ulikuwa umekuja kufanya nini? Wakajibu, mmoja mmoja. Langoni kwa magazeti. Nilikuwa nimekuja kufuata kadi ya bima, wanataka picha. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, tumeambiwa picha nne. Hata sikujua huku nyuma ya soko kuna studio. Kumi na tisa si wengi. Lakini kama hawa wa sasa, hao kumi na tisa nao wasingekuja bila karatasi. Ndio hao alikuwa anatafuta tangu mwanzo, na mkebe wao ulikuwa umefunikwa na kelele za mkebe mwingine.

Chumba kilipatikana karibu na hospitali, kidogo, na dirisha la barabarani. Mwenye nyumba alikuwa Mama Ngina, mzee wa miwani mizito, hapendi maneno mengi. Akapokea pesa, akatoa karatasi ya makubaliano na kalamu.

"Hapa naandika mtu wa kukusimamia," akasema. "Mtu wa hapa mjini anakujua vizuri, wa miaka mingi. Jina na namba ya simu."

"Zubair Faki," Rehana akasema haraka.

"Huyo ni nani wako?"

"Bwana yangu."

"Bwana ni familia. Nataka mtu wa nje. Rafiki. Huna rafiki?"

Rehana akatoa simu yake akaanza kushuka na majina. Mtu wa kuchapisha. Mtu wa karatasi ya picha. Mwalimu wa Layla. Harusi ya Mavoko. Mteja, mteja, mteja. Kidole kikafika kwa jina la Nthenya kikasimama, kikapita.

"Ngoja kidogo tu, mama," akasema, na akaendelea kushuka.